Bei ya wiketi: rekodi za warushaji wa kriketi na namba mbili zinazowapima

Tarehe 12 Januari 1964, katika Testi ya India na Uingereza mjini Madras, jiji ambalo leo linaitwa Chennai, Bapu Nadkarni alirusha ova 21 mfululizo bila mpigaji kupata hata mkimbio mmoja kwake. Ukiongeza mipira michache iliyotangulia na kufuata ova hizo, ilipita mipira 131 kabla Mwingereza yeyote hajavuka upande wa pili kwa mpira wake. Nadkarni alikuwa akirusha polepole kwa mkono wa kushoto, na sifa yake kubwa ilikuwa kuuangusha mpira mahali pale pale kila mara. Inasimuliwa kwamba mazoezini aliweka sarafu kwenye pichi na kuipiga tena na tena. Siku ile wachezaji kadhaa wa Uingereza walikuwa wagonjwa wa tumbo, timu ilikuwa imepungukiwa nguvu, na Brian Bolus na Ken Barrington waliona heri kuzuia kuliko kupiga.

Rekodi ya zamu nzima iliandikwa hivi: 32-27-5-0. Kwenye kriketi namba hizo nne husomwa kwa mpangilio huo siku zote: ova alizorusha, ova tupu ambazo hazikutoa mkimbio, mikimbio aliyoruhusu, na wiketi alizopata. Basi Nadkarni alirusha ova 32, ova 27 zikawa tupu, akatoa mikimbio 5 tu, na hakumtoa mtu. Kila ova ina mipira 6, kwa hiyo alirusha mipira 192 na kutoa wastani wa mkimbio mmoja katika kila mipira 38.

Huyu mtu alirusha vizuri au hakurusha vizuri? Ukitazama ekonomi yake, yaani mikimbio anayoruhusu mrushaji katika kila ova, unapata 0.16, namba ambayo warushaji wengi hawataiona maisha yao yote. Ukitafuta wastani wake, yaani mikimbio aliyotoa kwa kila wiketi aliyopata, huupati kabisa. Tano haigawanyiki kwa sifuri. Kwenye kitabu cha kumbukumbu pale penye wastani huwekwa kistari tu. Uingereza ikafikisha mikimbio 317 na mechi ikaisha kwa sare, kama zilivyoisha mechi zote tano za mfululizo ule.

Mashabiki wengi huzichukua namba hizi mbili kama vipimo viwili vya jambo moja. Sivyo. Ekonomi inakwambia kasi ambayo mrushaji anavuja. Wastani unakwambia bei aliyolipa kumtoa kila mpigaji. Mtu anaweza kuvuja taratibu sana na bado akalipa bei kubwa, na mwingine akavuja kwa fujo huku kila wiketi ikimgharimu kidogo. Rekodi kubwa za mchezo huu zinalionyesha hilo kwa uwazi kuliko maelezo yoyote, na moja ya rekodi hizo iliwekwa na mtu wa Mombasa.

Ova nane na mipira miwili ya Aasif Karim

Kombe la Dunia la mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali. Kabla ya hapo, tarehe 15 Machi, ilikutana na Australia mjini Durban katika hatua ya timu sita bora. Australia ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi, haikuwa imepoteza mechi hata moja, na ndiyo iliyochukua kombe baadaye. Kenya ilipiga kwanza ikapata 174 kwa wiketi 8, baada ya Brett Lee kuwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Adam Gilchrist akaanza kujibu kwa mapigo ya nguvu, akapata 67 peke yake, na watazamaji wakadhani mchezo utakwisha mapema.

Ndipo nahodha akampa mpira Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa mwenye miaka 39, mrushaji wa spini wa mkono wa kushoto aliyekuwa ameshastaafu akaitwa kurudi. Karim alimtoa nahodha Ricky Ponting, akamtoa Darren Lehmann, akamtoa Brad Hogg. Australia ikajikuta imepoteza wachezaji watano kabla haijafika mikimbio 120. Andrew Symonds na Ian Harvey waliimaliza kazi, Australia ikashinda kwa wiketi 5, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilikwenda kwa mtu wa timu iliyoshindwa. Hesabu yake ilikuwa 8.2-6-7-3.

Tuifanye hesabu hii pole pole, kwa maana hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Hiyo 8.2 si nane na sehemu mbili za kumi. Maana yake ni ova nane kamili na mipira miwili ya ova ya tisa. Mipira miwili kati ya sita ni theluthi, kwa hiyo kwa hesabu ya kugawanya ni ova 8.33. Njia salama ni kuigeuza yote kuwa mipira: nane mara sita ni 48, ongeza 2, ni mipira 50. Mikimbio 7 kwa mipira 50, zidisha kwa 6, unapata ekonomi ya 0.84. Wastani ni rahisi zaidi: 7 gawanya kwa 3, ni 2.33.

Ova sita kati ya hizo zilikuwa tupu. Maana yake mikimbio yote saba ilipatikana katika ova mbili tu na ile mipira miwili ya mwisho. Sasa linganisha na wenzake. Australia ilifikisha 178 kwa ova 31.2. Toa mikimbio 7 na ova 8.2 za Karim, inabaki mikimbio 171 katika ova 23, yaani zaidi ya mikimbio 7 kwa kila ova. Pichi moja, wapigaji wale wale, siku ile ile: upande mmoja unavuja saba kwa ova, upande wa Karim haufikii hata mmoja. Ekonomi inapopata maana yake kamili ni hapo, inapowekwa kando ya ekonomi ya wengine waliocheza mechi ile. Peke yake, 0.84 ingeweza kuwa ya mtu aliyewarushia wapigaji wa mwisho wanaojilinda. Tukijua wengine walivyopigwa, na tukijua ni akina nani walioshika fimbo, tunaona thamani yake.

Jambo jingine la hesabu ambalo shabiki afaa kulijua ni mikimbio ipi inaandikwa kwa mrushaji na ipi haimhusu. Mpira uliopita mbali na mpigaji, na mpira haramu kama ule wa kukanyaga nje ya mstari, huandikwa kwake, na umekuwa ukiandikwa hivyo tangu miaka ya 1980. Mikimbio inayopatikana mpira ukigonga mguu wa mpigaji, au ukimpita mpigaji na mdakaji wa nyuma pia, haimhusu. Na mpigaji akitolewa kwa kukamatwa mbioni, kabla hajafika kwenye mstari, wiketi hiyo mrushaji hahesabiwi. Kwa sababu hiyo mikimbio na wiketi za warushaji wote wa timu ukizijumlisha, mara nyingi hazitalingana na matokeo ya timu.

Wastani wa chini kuliko wote: George Lohmann, 10.75

Ukifungua orodha ya wastani bora katika Testi, jina la kwanza ni la mtu aliyefariki mwaka 1901. George Lohmann wa Surrey na Uingereza alicheza Testi 18 kati ya 1886 na 1896. Alipata wiketi 112 kwa mikimbio 1,205, na wastani wake ni 10.75. Warushaji mashuhuri wa karne iliyofuata, wale ambao majina yao yanatajwa kwa heshima hadi leo, wengi wao wako kati ya 20 na 25. Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka, mwenye wiketi 800 ambazo hakuna aliyezifikia, ana wastani wa 22.72. Lohmann alikuwa akilipa chini ya nusu ya bei hiyo.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ni zama. Pichi za wakati ule hazikufunikwa mvua ikinyesha, na pichi iliyolowa kisha ikapigwa na jua humfanya hata mrushaji wa kawaida aonekane mchawi. Mikimbio ilikuwa adimu kwa kila mtu. Lohmann mwenyewe alirusha kwa kasi ya wastani, akibadilisha mwendo wa mpira na kuukata upande huu na ule, na hali hiyo ya pichi ilimfaa kabisa.

Sehemu ya pili ya jibu ni Afrika Kusini. Lohmann aliugua kifua kikuu akaenda kutafuta hewa kavu huko, na mwaka 1896 timu ya Uingereza ilipofika akaichezea. Katika mechi tatu alipata wiketi 35 kwa mikimbio 203, wastani wa 5.80. Port Elizabeth aliwatoa wapinzani 8 kwa mikimbio 7 katika zamu yao ya pili, na wote kwa pamoja wakaishia 30. Johannesburg, kwenye pichi ya mkeka, akawa mtu wa kwanza kupata wiketi 9 katika zamu moja ya Testi, kwa mikimbio 28. Afrika Kusini ya miaka ile ilikuwa changa mno katika mchezo huu, na wachezaji wake wengi hawakuwa wa kiwango cha Waingereza wala Waaustralia.

Kwa hiyo tumtendee haki kwa kuziondoa mechi hizo tatu. Wiketi 112 toa 35, zinabaki 77. Mikimbio 1,205 toa 203, inabaki 1,002. Gawanya, unapata 13.01, na hizo zote ni dhidi ya Australia, mpinzani mgumu kuliko wote wa wakati wake. Wastani umepanda, lakini hata huo haujakaribiwa na mrushaji yeyote mkubwa wa miaka mia moja iliyopita. Ndiyo maana naiamini rekodi ya Lohmann hata baada ya kuikagua. Ukiikwangua kwa ukali unaotaka, bado unakuta mrushaji hodari sana chini yake.

Lohmann alifia huko huko Afrika Kusini, Matjiesfontein, akiwa na miaka 36.

Watunza rekodi huweka sharti kabla ya kumwingiza mtu kwenye orodha hii, kwa kawaida awe amerusha angalau mipira 2,000 katika Testi. Sababu yake utaiona kwa Charles Marriott, mrushaji wa spini wa Uingereza aliyecheza Testi moja tu, dhidi ya West Indies mwaka 1933, akapata wiketi 11 kwa mikimbio 96. Wastani wake wa maisha ni 8.72, bora kuliko wa Lohmann. Hakuna anayedai kwamba alikuwa mrushaji bora kuliko Lohmann. Wastani unahitaji muda ili ukae sawa, kwa sababu wiketi ni tukio la nadra: mpira mmoja ulioponyoka mikononi mwa mdakaji unaweza kuugeuza wote wakati wiketi bado ni chache. Ekonomi hutulia mapema zaidi, kwa maana kila mpira unaorushwa unaiongezea ushahidi.

Ekonomi ya chini kuliko zote: William Attewell, 1.31

Katika orodha ya ekonomi ya Testi, kwa sharti lile lile la mipira 2,000, wa kwanza ni William Attewell. Alikuwa Mwingereza, aliishi zama zile zile za Lohmann, na wakati fulani wakavaa jezi moja. Alicheza Testi 10, akarusha mipira 2,850, akatoa mikimbio 626 na kupata wiketi 28. Hiyo ni ekonomi ya 1.31 kwa ova ya mipira sita. Nasema ya mipira sita kwa makusudi, kwa kuwa wakati ule ova Uingereza ilikuwa ya mipira minne, kisha ikawa ya mitano, na Australia baadaye ikatumia mipira minane hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Ekonomi za zamani zote zimegeuzwa ili zilingane na za leo. Anayezichukua ova za vitabu vya zamani na kugawanya bila kuangalia jambo hili atapata majibu ya ajabu.

Sasa waweke Lohmann na Attewell pamoja. Lohmann alitoa mikimbio 1.88 kwa ova, Attewell 1.31. Kwa ekonomi, Attewell ni bora waziwazi. Lakini wastani wa Attewell ni 22.35, zaidi ya mara mbili ya ule wa Lohmann. Pengo hilo halielezeki kwa namba hizi mbili peke yake, na hapa ndipo namba ya tatu inapojitokeza: mrushaji anahitaji mipira mingapi kumtoa mpigaji mmoja. Lohmann alihitaji mipira 34. Attewell alihitaji karibu 102.

Namba hizi tatu zimefungwa pamoja kwa hesabu isiyokwepeka: wastani ni ekonomi mara mipira kwa wiketi, kisha gawanya kwa sita. Jaribu kwa Attewell: 1.31 mara 102 gawanya kwa 6 inakupa takriban 22. Kwa Lohmann: 1.88 mara 34 gawanya kwa 6 inakupa takriban 10.7. Kwa hiyo wastani umeshaibeba ekonomi ndani yake. Mrushaji anaweza kuushusha wastani wake kwa njia mbili tu, kuvuja kidogo au kutoa watu haraka, na wastani peke yake haukwambii ametumia ipi. Ekonomi ndiyo inayokufungulia siri hiyo.

Nadkarni naye ukimpima maisha yake yote, Testi 41, anaangukia upande wa Attewell: ekonomi 1.67, wiketi 88, wastani 29.07. Nahodha mwenye mtu wa namna hii alimtumia kufunga upande mmoja wa uwanja ili wapigaji wachoke, wakose subira, wajaribu kumpiga mrushaji wa upande wa pili. Wiketi inayopatikana hivyo huandikwa jina la yule wa upande wa pili. Hilo ni jambo ambalo wastani hauwezi kulionyesha hata kidogo.

Aliyezishika zote mbili: Joel Garner

Mechi za kimataifa za siku moja zilipoanza miaka ya 1970, ekonomi ilipanda cheo. Kwenye Testi zamu ya mpinzani haina idadi maalumu ya ova, kwa hiyo wiketi ndiyo kila kitu. Kwenye mechi ya ova 50, zamu inakwisha hata kama hakuna aliyetolewa, na kila mpira usiotoa mkimbio ni mali ya timu inayorusha.

Joel Garner wa Barbados na West Indies alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili. Mpira wake ulishuka kutoka juu sana na kulenga miguu ya mpigaji, mahali ambapo hakuna nafasi ya kuuinua wala kuukata. Katika mechi 98 za siku moja alipata wiketi 146 kwa wastani wa 18.84, na ekonomi yake ni 3.09. Miongoni mwa waliofikisha wiketi 100 katika aina hii ya mchezo, hakuna mwenye ekonomi ya chini kuliko hiyo. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1979 uwanjani Lord's aliwatoa Waingereza watano kwa mikimbio 38 katika ova 11.

Watu husema ilikuwa rahisi zamani, fimbo zilikuwa nyembamba na mashabiki hawakudai mapigo ya kuruka mipaka. Ni kweli kwamba mikimbio kwa ova imepanda tangu wakati huo, na 3.09 ya 1980 haiwezi kuwekwa moja kwa moja kando ya namba za leo. Lakini wenzake wa wakati ule walikuwa na fimbo zile zile mbele yao na hawakuifikia.

Kwa ova kumi za mechi moja, rekodi ni ya Phil Simmons, pia wa West Indies, mtu aliyejulikana zaidi kwa kupiga kuliko kurusha. Sydney, Desemba 1992, dhidi ya Pakistan: 10-8-3-4. Ekonomi 0.30, wastani 0.75. Pakistan wote walitolewa kwa 81.

Wakenya wana ukurasa wao hapa. Tarehe 29 Februari 1996, Pune, Kenya ilipata 166 dhidi ya West Indies na kila mtu akadhani haitoshi. Maurice Odumbe akarusha 10-3-15-3, Rajab Ali akawatoa watatu kwa mikimbio 17, na West Indies ikaishia 93. Miaka saba baadaye, Nairobi, Collins Obuya aliwatoa Wasri Lanka watano kwa mikimbio 24 katika ova zake kumi. Ekonomi ya Odumbe ni 1.50 na ya Obuya 2.40, lakini wastani wao wa siku hizo unakaribiana, 5.00 na 4.80. Odumbe aliwanyima pumzi, Obuya aliwang'oa. Kenya ilishinda mechi zote mbili.

Upande wa pili wa orodha

Rekodi ya kutoa mikimbio mingi katika mechi ya siku moja ilikuwa ya Mick Lewis wa Australia, aliyetoa 113 kwa ova kumi bila wiketi mjini Johannesburg, Machi 2006, siku Afrika Kusini ilipofukuza 434 na kushinda. Hakuichezea tena Australia mechi ya siku moja. Mwaka 2023, kwenye Kombe la Dunia nchini India, Bas de Leede wa Uholanzi alitoa 115 dhidi ya Australia. Ekonomi yake ni 11.50, mbaya kuliko ya Lewis. Lakini De Leede alipata wiketi 2, kwa hiyo ana wastani, 57.50, na Lewis hana. Nani alirusha vibaya zaidi? Kwa mechi ya ova 50 mimi namtaja Lewis, kwa sababu ingawa alivuja karibu sawa na De Leede, hakurudisha chochote.

Ova nne tu

Katika T20 mrushaji anapewa ova zisizozidi nne. Mipira 24 ni michache mno kwa wastani kusema lolote la kuaminika kuhusu siku moja, na ekonomi ndiyo inayotazamwa kwanza. Mtu mwenye ekonomi inayozunguka 6 kwa miaka mingi, kama Rashid Khan wa Afghanistan, anatafutwa na ligi za dunia nzima.

Tarehe 5 Juni 2024, huko Providence, Guyana, Frank Nsubuga wa Uganda, mrushaji wa spini mwenye miaka 43, aliirushia Papua Guinea Mpya ova nne kwa hesabu ya 4-2-4-2. Mikimbio minne, ekonomi ya 1.00 kamili. Papua Guinea Mpya ilitolewa kwa 77, Uganda ikashinda kwa wiketi 3, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia. Siku ile hakukuwa na mtu aliyewahi kurusha ova nne kamili kwenye Kombe la Dunia la T20 kwa ekonomi ya chini kuliko hiyo. Rekodi ilidumu siku 12. Lockie Ferguson wa New Zealand aliikuta timu ile ile ya Papua Guinea Mpya huko Trinidad akarusha 4-4-0-3. Sifuri kwa ova, sifuri kwa wiketi. Haiwezekani kushuka chini ya hapo.

Na rekodi ya upande wa juu ipo Nairobi. Tarehe 23 Oktoba 2024, uwanjani Ruaraka, Zimbabwe iliipiga Gambia mikimbio 344 kwa ova 20. Musa Jobarteh wa Gambia alitoa 93 kwa ova zake nne bila wiketi, ekonomi ya 23.25. Ukimhukumu, kumbuka kwamba siku ile hakuna Mgambia aliyeweza kuwazuia Wazimbabwe.

Chini ya ishirini

Narudi kwenye Testi kwa rekodi ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote za miaka ya karibuni. Desemba 2024, Melbourne, Jasprit Bumrah wa India alifikisha wiketi 200 katika Testi yake ya 44, na wastani wake siku hiyo ulikuwa 19.56. Hakuna mrushaji mwingine katika historia aliyefikisha wiketi 200 akiwa chini ya 20.

Mweke kando ya Curtly Ambrose wa West Indies, aliyemaliza na wiketi 405 kwa wastani wa 20.99. Wastani wao unakaribiana kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni warushaji wa aina moja. Ekonomi inakanusha. Ambrose alitoa mikimbio 2.30 kwa ova, Bumrah takriban 2.77. Lakini Bumrah alihitaji mipira 42 kwa kila wiketi, Ambrose karibu 55. Ambrose alimkaba mpigaji mpaka akakosea, ingawa siku moja Perth, mwaka 1993, aliwatoa watu saba kwa mkimbio mmoja ndani ya mipira 32. Bumrah hasubiri makosa. Mpira wake mmoja kati ya wachache unatosha, na anakubali kupigwa kidogo katikati.

Ukinitaka nichague, uamuzi wangu unategemea saa. Mpinzani akihitaji mikimbio 40 na ana wiketi 6 mkononi, nampa Ambrose mpira. Zikibaki ova 20 za siku ya mwisho na tunahitaji wiketi 4 kushinda, nampa Bumrah.